Kuku wa Mayai na Kengele ya Shule: Kipato cha Baba Anayelea Watoto Peke Yake

Siku ya baba anayelea watoto peke yake hukatwa na shule mara mbili. Alfajiri huamsha watoto, hupika uji, hufunga mikoba na kuwasindikiza. Alasiri hurudi langoni kuwapokea. Katikati ya safari hizo hubaki saa sita au saba, nazo si zake zote, kwa sababu mwalimu akipiga simu saa tano kwamba mtoto ana homa, kazi iliyo mkononi husimama hapo hapo. Jioni ndiyo haitabiriki kabisa. Kuna chakula cha kupika, watoto wa kuogesha na madaftari ya kukagua, na usiku mwingine mtoto huanza kutapika saa mbili, baba akakesha.

Kwa mtu wa namna hii, kipimo cha kwanza cha kazi ni kujua kinachopotea ikiachwa ghafla kwa saa nne. Faida hupimwa baadaye. Dereva wa bodaboda hupata wateja wengi asubuhi watu wanapokwenda kazini na jioni wanaporudi, na hizo ndizo saa ambazo baba anahitajika nyumbani. Muuza chipsi huanza kuchangamka giza linapoingia na hufunga usiku. Kibarua wa ujenzi akiondoka saa tano huenda akapoteza ujira wa siku nzima, na kesho yake nafasi imechukuliwa na mwingine. Kazi hizi si mbaya, ila saa zake zina mwenyewe, naye ni mteja au msimamizi.

Zipo kazi ambazo saa zake hubaki mikononi mwa mfanyaji. Mojawapo ni ufundi wa oda: kushona, kutengeneza redio na simu, kukarabati viatu na viti. Mteja huacha kitu chake na kuambiwa siku ya kukichukua, na fundi hukifanyia kazi kwa vipande vya muda anavyopata. Baba mwenye cherehani anayeahidi sare ya shule baada ya siku tano, huku akijua anahitaji siku mbili tu, amejiwekea siku tatu za kulalia homa ya mtoto. Udhaifu wa kazi hii ni kwamba oda huja kwa misimu. Sare hujaa shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, kisha miezi mingine fundi hukaa akisubiri.

Kazi nyingine ya aina hii ni ufugaji wa kuku wa mayai. Kuku hula, hunywa na kutaga kila siku, oda ziwepo zisiwepo. Kazi zake nzito huangukia asubuhi na mchana, jua likizama wenyewe hulala, na yai lisilouzwa leo huuzwa kesho. Ndiyo maana ufugaji huu unafaa kuelezwa kwa kina, pamoja na hesabu yake, ambayo mara nyingi husimuliwa kwa matumaini makubwa kuliko ukweli wake.

Kuanza na matetea, si vifaranga

Njia ya bei nafuu ya kuanza ni kununua vifaranga vya siku moja. Kwa baba aliye peke yake, njia hiyo ina tatizo kubwa. Kifaranga hana manyoya ya kutosha kujipasha joto, hivyo wiki za mwanzo huhitaji taa au jiko la mkaa usiku kucha. Joto likipungua, vifaranga hurundikana na kukanyagana hadi kufa. Likizidi, hukimbilia pembeni na kuhema midomo wazi. Mtu lazima aamke kuwatazama, na usiku huo huo mtoto anaweza kuugua. Makosa ya usiku mmoja huweza kuua robo ya kundi.

Matetea, yaani kuku wa kike wenye umri wa wiki 16 hadi 18 ambao hawajaanza kutaga, hugharimu zaidi lakini wameshavuka hatari hiyo. Mnunuzi aombe karatasi ya chanjo walizopata, hasa za mdondo, gumboro na ndui. Awatazame pia mchana wakiwa wanatembea. Tetea mzima ana macho makavu yenye kung'aa, kifua kilichojaa kiasi na upanga mwekundu unaoanza kukua. Kundi ambalo uzito wake unapishana sana litaanza kutaga kwa kupishana, na chakula kitaliwa wiki nyingi kabla ya mayai kutosha kulipia.

Kuku 100 wanaofugwa sakafuni huhitaji banda la mita za mraba 17 hivi, kwa mfano mita tatu na nusu kwa mita tano. Pande mbili ndefu huzibwa kwa wavu kuanzia kimo cha goti ili hewa ipite, na sakafu hufunikwa kwa maranda makavu ya mbao au pumba za mpunga. Viota 20 hutosha, kila kimoja kwa kuku watano, na viwekwe sehemu yenye kigiza. Banda lisiungane na chumba wanacholala watoto. Aliyepanga nyumba aongee na mwenye nyumba na ofisi ya mtaa kabla ya kununua hata bati moja, kwa sababu harufu ya banda bichi ndiyo huleta malalamiko ya majirani, na kuhamisha kuku wanaotaga hukatisha utagaji.

Ratiba inayofuata kengele ya shule

Kundi la kuku 100 huchukua kati ya saa mbili na saa mbili na nusu za kazi kwa siku, zikigawanywa mara nne. Awamu ya kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakivaa: vyombo vya maji huoshwa na kujazwa, na nusu ya chakula cha siku huwekwa. Kuku mmoja anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo kundi zima humaliza kilo 12 hivi. Chakula hiki hupimwa kwa mizani au kwa ndoo iliyotiwa alama, kwa sababu kukadiria kwa macho huficha upotevu. Maji huwa lita 25 hivi kwa siku, na siku za joto kali huzidi sana. Kuku waliokaa bila maji tangu asubuhi hadi alasiri hupunguza mayai kwa siku kadhaa zinazofuata, hata kama walipewa maji jioni hiyo hiyo.

Awamu ya pili hufuata baada ya kusindikiza watoto, na ndiyo ya kufagia, kugeuza maranda na kuokota mayai ya kwanza. Kuku wengi hutaga kabla ya saa sita mchana, hivyo mayai huokotwa mara mbili au tatu kati ya saa tatu na saa nane. Mayai yanayoachwa muda mrefu kiotani hupasuka, na kuku akishaonja yai lililopasuka huzoea kula mayai na kuwafundisha wenzake. Awamu ya tatu ni saa tisa, kabla au baada ya kupokea watoto, chakula cha pili kikiwekwa. Ya mwisho ni dakika kumi za machweo: kuokota mayai yaliyochelewa, kuhesabu kuku na kufunga mlango. Baada ya hapo jioni ni ya watoto, na ikiharibika, banda halidai chochote hadi alfajiri.

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wapya hulikosea. Kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na katika nchi zetu jua hutoa saa 12 hivi tu. Wengi huwasha taa ya banda jioni na kuizima wakienda kulala. Baba mwenye jioni zisizotabirika siku moja atazima saa mbili, nyingine saa tano, na kuku waliozimiwa taa ghafla hubaki sakafuni gizani wakirundikana. Ni bora mwanga wa nyongeza uwekwe alfajiri. Swichi yenye saa huwasha balbu saa tisa usiku na kuizima jua likichomoza, kisha jioni kuku hupanda wenyewe kulala kadiri mwanga unavyofifia. Saa hiyo ikishapangwa isibadilishwe, kwa kuwa mwanga ukipunguzwa wakati wa utagaji mayai nayo hupungua.

Trei moja ni ya nani?

Tuchukue baba mmoja wa mfano anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam na watoto wawili wa shule ya msingi. Ana kuku 100. Bei zinazotumika hapa ni za kuonyesha njia ya hesabu, na kila mfugaji huweka za sokoni kwake. Tetea mmoja ni shilingi 16,000, kilo ya chakula ni shilingi 1,200, na trei ya mayai 30 anaiuza shilingi 8,000.

Kilo 12 kwa siku ni kilo 360 kwa mwezi, sawa na shilingi 432,000 za chakula. Chanjo, maranda, umeme na nauli ya kubeba chakula vikichukua shilingi 40,000, gharama za mwezi zinafika 472,000. Kwa upande wa mapato, kundi linalotunzwa vizuri huweza kupita mayai 90 kwa siku likiwa kileleni, kisha hushuka polepole kadiri kuku wanavyozeeka. Tuseme wastani wa mwaka ni mayai 80 kwa siku. Hayo ni mayai 2,400 kwa mwezi, yaani trei 80, na mauzo ya shilingi 640,000.

Juu juu inaonekana baba amebakiwa na 168,000. Lakini kuku hawa watachoka baada ya mwaka mmoja wa kutaga, naye atalazimika kununua wengine. Akiwauza wazee kwa shilingi 9,000 kila mmoja, atahitaji kuongeza 7,000 kwa kila tetea mpya, jumla shilingi 700,000, ambazo ni kama 58,000 kila mwezi. Kilicho chake kweli ni shilingi 110,000.

Hesabu hiyo hukaa vizuri zaidi kichwani ikishushwa hadi kwenye trei moja. Katika kila shilingi 8,000 anazopokea, 5,900 ni za chakula na gharama za banda, 725 ni za kuku wa mwaka ujao, na 1,375 ndizo za kununulia unga na daftari. Baba anayeweka fedha zote kwenye laini moja ya simu atatumia za kuku kulipa michango ya shule, na mwezi ukiisha atajikuta hana fedha ya mfuko wa chakula. Kuku wanaopunguziwa chakula hupunguza mayai, mayai yakipungua fedha hupungua tena, na kundi huuzwa kwa hasara. Laini ya pili inayopokea 6,625 za kila trei siku hiyo hiyo huzuia mporomoko huo.

Hesabu hutoa pia namba moja ya kulindia. Gharama za 472,000 zikigawanywa kwa bei ya trei ni trei 59 kwa mwezi, yaani mayai 59 kwa siku. Kundi la kuku 100 linalokusanywa mayai chini ya 59 kila siku linakula zaidi ya linavyoleta, hata kama mauzo bado yanaonekana. Likishuka hapo kwa uzee, wakati wa kuwauza umefika.

Ni wazi basi kwamba kuku 100 hawalishi familia. Ni kipato cha pili cha baba mwenye cherehani, au mwenye kazi nyingine anayoweza kuifanya katikati ya saa za shule. Kuku 300 hubadilisha hali, kwa kuwa faida huwa mara tatu, shilingi 330,000, wakati saa za kazi hazifiki hata mara mbili. Kufungua banda, kufagia na kupeleka mayai hufanyika kwa safari zile zile. Lakini mtaji pia huongezeka. Kwa kuku 100, matetea ni 1,600,000, na chakula cha miezi miwili ya kwanza, kabla mayai hayajatosha kulipia, hukaribia 800,000, mbali na banda. Mtaji unaoishia kwenye kununua kuku, bila fedha ya chakula cha miezi hiyo miwili, ndio chanzo cha makundi mengi kuuzwa kabla ya kilele. Ni heri kuanza na 50 waliokamilika kuliko 100 wenye njaa.

Njia ya shule ndiyo njia ya soko

Mayai 80 kwa siku ni chini ya trei tatu. Vibanda vya chipsi hutumia mayai kwa wingi, na viwili au vitatu vyenye wateja wa kutosha vinaweza kumaliza mzigo wote. Baba wa mfano wetu huangalia vibanda na maduka yaliyo kwenye njia anayoipita kila siku kwenda shuleni. Trei za jana hufungwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, watoto wakishaingia darasani yeye hupeleka mzigo akirudi, na kufikia saa tatu yuko nyumbani. Hapotezi saa hata moja ya kutafuta soko, na mnunuzi anajua saa atakayomwona. Trei zisipakiwe kwenye pikipiki iliyobeba watoto. Mahali ambapo shule iko mbali, mzigo husubiri safari ya pili.

Tatizo la soko hili ni mali kauli. Muuza chipsi huomba aletewe leo alipe kesho, kesho yake huomba tena. Kanuni inayofaa ni trei mpya kwa fedha ya trei ya nyuma, ikiandikwa kwenye daftari mbele ya mnunuzi. Deni lisizidi mzigo mmoja. Mayai yakibaki, hayaoshwi, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya gamba. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu na kuwekwa mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini, na huuzwa ndani ya wiki moja hadi mbili.

Mayai yakipungua ghafla

Daftari la kila siku lenye safu nne, yaani mayai, chakula, vifo na mauzo, humwonyesha baba tatizo kabla jicho halijaliona. Mayai yakishuka kutoka 82 hadi 65 kwa siku mbili, ukaguzi hufuata mpangilio: kwanza maji, kisha chakula kama kimebadilishwa au kimeota ukungu, kisha mwanga kama umeme ulikatika na saa ya swichi ikapotea. Magamba laini huashiria upungufu wa chokaa, na chokaa ya mifugo au kombe zilizosagwa huongezwa kwenye chombo cha pembeni. Vyote vikiwa sawa, ndipo ugonjwa hushukiwa.

Unaoogopwa zaidi ni mdondo, ambao pengine huitwa kideri. Kuku huzubaa na kushusha mabawa, huharisha kinyesi cha kijani, hupumua kwa shida, na wengine hupinda shingo. Hauna tiba, na kundi lisilochanjwa huweza kuteketea karibu lote ndani ya siku chache. Kinga ni chanjo inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo aina ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku. Nyingine huchanganywa kwenye maji ya kunywa, na hapo ndipo wengi huiharibu bila kujua. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo, hivyo hutumika maji safi ya kisima au ya mvua. Vyombo vya maji hutolewa bandani alfajiri kwa saa moja au mbili ili kuku wapate kiu, kisha chanjo huwekwa na kumalizwa ndani ya saa mbili. Jumamosi ni siku nzuri ya kazi hii, kwa kuwa hakuna kukimbilia lango la shule.

Kuku wakipewa dawa za kuua bakteria, mayai yake hayauzwi wala kulishwa watoto hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Hasara ya siku hizo ni sehemu ya gharama ya ugonjwa, na mfugaji mwaminifu huihesabu hivyo. Watoto wanaosaidia kuokota mayai wanawe mikono kwa sabuni kila wanapotoka bandani, na dawa zote zikae juu wasikofika.

Limebaki jambo moja, nalo ni siku ambayo baba mwenyewe atalazwa na mtoto hospitalini. Kuku hawawezi kusubiri siku mbili bila maji. Mlangoni mwa banda ibandikwe karatasi yenye mistari minne: kiasi cha chakula asubuhi na saa tisa, ndoo ngapi za maji, saa za kuokota mayai, na namba ya simu ya mtaalamu wa mifugo wa kata. Jirani mmoja afundishwe kazi hizo mapema, na alipwe kwa trei moja ya mayai kila anaposhika zamu. Baba ambaye bado hajampata jirani huyo asinunue kuku.